Deni la duka 78,000: niombe kulipa vipi? Sawa kila mwezi, kila wiki, au kufuata msimu?

Mashua_Amu:
Asalaam aleikum wadau. Mimi niko Amu, nina mashua ya injini, nabeba abiria Shela na Manda na wageni wa hoteli wakitaka kuogelea Manda Toto. Mwezi wa pili nilipandisha mashua juu maana mbao za chini zilikua zishaoza, nikachukua kwa deni kwenye duka moja la vifaa mbao, misumari, rangi, pamba ya kukalafati na spea za injini. Nilitoa kidogo, ikabaki 78,000. Mwenye duka ni mzee wa heshima, namwita ami, nilimuahidi 10,000 kila mwezi na miezi miwili yote sikumpa, na sasa kusi imeingia, gesti nyingi zimefunga, siku nyengine nabeba abiria wanne tu kutwa nzima. Juzi amenipigia simu, hakugomba, aliuliza tu "sasa mwanangu tufanye nini", na hilo limeniumiza kuliko angegomba.

Nataka niende mwenyewe dukani nimuombe mpango. Nimefikiria njia nne. Ya kwanza 6,500 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Ya pili 1,500 kila wiki wiki 52. Ya tatu nilipe kidogo wakati wa kusi niongeze kaskazi ikiingia. Ya nne nikope chama nimmalize kwa mara moja nibaki na deni la chama. Mkononi nina 9,000. Ipi bora?

Baharia_Mokowe:
Ya pili. Kila wiki haiumi, unatoa kidogo kidogo hata husikii, alafu ujue ukishaanza kulipa hata mia tano hawezi kukupeleka kotini, sheria iko hivyo. Deni si jinai.

Karani_Malindi:
Baharia uko sawa nusu. Ni kweli deni si jinai, lakini kulipa mia tano hakumzuii mtu kwenda kotini, anaeza kwenda kesho yake, na mahakama ya madai madogo inachukua kesi mpaka shilingi milioni moja kwahivyo 78,000 inaingia bila shida. Kinachokusaidia ni yeye kukubali mpango, na ukubali wake uonekane kwenye karatasi au ujumbe. Na huko kotini mdaiwa huruhusiwa kuomba alipe kwa awamu, ila umeshapoteza muda, gharama na uso wa ami.

Mashua_Amu, mimi nimekua karani wa madeni duka la jumla hapa Malindi miaka kumi na moja, daftari la wadaiwa lilikua langu. Kabla hujachagua njia naomba ufanye kitu kimoja, chukua daftari lako la mapato la mwaka jana ufungue mwezi mbaya kuliko yote, usichukue wastani. Tuandikie hapa mwezi huo uliingiza ngapi na zilikwenda wapi.

Tuktuk_Maweni:
Mimi pia nimeomba mpango jamani, yangu ni mkopo wa simu 12,000 na wananitisha CRB kila siku asubuhi, je nao nawaandikia barua? Tuktuk iko gereji.

Bint_Langoni:
Tuktuk pole, lakini yako ni kitu chengine kabisa, mkopo wa simu una riba na faini zinazoongezeka, hapa kaka amechukua mbao kwa mzee wa mtaani. Fungua mada yako tutakuja. Ila kabla ya kulipa chochote waulize kwanza hizo pesa zinaingia kwenye deni lenyewe au kwenye faini, manake ndugu yangu alilipa miezi mitatu deni likabaki palepale.

Mashua_Amu:
Karani nimefungua daftari. Mbaya kuliko yote ni Juni. Iliingia 41,000. Petroli 15,500, kijana wangu wa mashua 6,000, nyumbani chakula na kodi 14,000, madrasa na skuli 2,000. Nikitoa zote yabaki 3,500. Wallahi sikuwahi kuihesabu hivi, nilikua najua tu kwamba Juni ni mbaya.

Karani_Malindi:
Sasa tazama njia zako ukiwa na hiyo 3,500 mkononi. Njia ya kwanza unataka 6,500, utaanguka Juni, mwezi wa kwanza kabisa wa mpango, na hio itakua ahadi ya tatu kuvunja. Ya pili ni ileile imevaa kanzu nyengine, 1,500 mara nne ni 6,000 na kuna miezi ina wiki tano. Kila wiki ni nzuri kwa anaeuza samaki au mboga kila siku, wewe pesa zako kubwa zatoka hoteli mara moja kwa mwezi, na kila wiki moja ukikosa ni simu moja ya aibu.

Ya nne waulize chama wanakata ngapi. Vyama vingi ninavyovijua hapa ni asilimia 10 kwa mwezi. Ikiwa ni hivyo, 78,000 ni 7,800 faida peke yake, mwezi ambao una 3,500. Ami hakutozi kitu. Unatoka kwa mtu asiekutoza unaenda kwa watu wanaokutoza, afu chama ndio majirani na mashemeji.

Inabaki ya tatu, lakini si vile watu wengi wanavyoiomba. Wengi huenda wakasema "ami nistahimilie, kaskazi ikiingia ntalipa". Hio mwenye duka husikia kama "sina habari na wewe mpaka Novemba", na yeye ana mtu wa Mombasa anaemdai mbao hizohizo. Nenda na karatasi yenye tarehe na tarakimu za kila mwezi. Hoteli yakulipa tarehe ngapi?

Mashua_Amu:
Wasema tarehe 5 lakini huwa 8 au 9.

Karani_Malindi:
Basi weka 12. Watu wengi wanaandika tarehe moja kwa sababu inapendeza, alafu tarehe moja hawana kitu. Ningeandika hivi, leo 6,000, Juni 3,000, Julai 3,000, Agosti 6,000, Septemba 6,000, Oktoba 8,000, Novemba 10,000, Desemba 14,000, Januari 8,000 kwa sababu ya skuli kufungua, Februari 14,000. Jumlisha utapata 78,000. Juni umebakiza 500 ya dharura, ni kidogo lakini ipo. Miezi ya mbele angalia na daftari lako, mimi nimekisia tu.

Na usimpe 9,000 yote. Najua roho itakutuma. Ukitoa yote Jumatatu utakopa petroli na umerudi mulemule. Mpe 6,000, 3,000 ni ya tangi.

Mama_Ngomeni:
Mimi nina duka la nyavu, nadai wavuvi, naongea upande wa ami. Karani amesema kweli. Akija mtu na 10,000 10,000 10,000 mpaka mwisho najua ameitoa hewani, akija na 3,000 mwezi wa sita na 14,000 mwezi wa kumi na mbili najua huyu amekaa na mkewe wakahesabu. Na akinipa kitu siku hiyohiyo roho yangu hutulia. Kitu kimoja mumesahau, mwambie hutochukua kingine kwa deni mpaka umalize, hata msumari ni pesa taslimu. Mimi hapo ndipo huwa naumia, mtu ananilipa 3,000 na mkono mwengine anachukua kamba ya 4,000.

Bint_Langoni:
Mimi swali langu, amuonyeshe ami hesabu za nyumbani kwake? Chakula ngapi, skuli ngapi? Amu ni ndogo, kesho barazani wote wanajua.

Mama_Ngomeni:
Mimi ningetaka kuona. Bila hiyo nitajuaje kwamba 3,000 ndio mwisho wake?

Karani_Malindi:
Hapa sikubaliani sana na mama. Aonyeshe jumla tu, imeingia 41,000, kazi imekula 21,500, nyumbani 16,000, imebaki 3,500. Akiulizwa zaidi aamue mwenyewe pale. Ila ikiwa kuna mtu mwengine anaemdai lazima aseme, kwa sababu likijulikana baadae karatasi yote inakua uongo.

Baharia_Mokowe:
Na kwanini aandike? Ami ni mtu mzima, neno latosha. Karatasi ni kama humuamini.

Mashua_Amu:
Baharia nami nilifikiri hivyo, lakini aya ya deni kwenye Suratul Baqara ndio yenyewe inaamrisha kuandika, na ya kabla yake kidogo inasema mwenye dhiki apewe muda. Sidhani ami ataona vibaya. Mwengine anaenidai hakuna, alhamdulillahi. Naenda kesho baada ya alasiri, duka huwa halina watu.

Mashua_Amu: (siku mbili baadae)
Nimerudi. Nilimkuta anapima nati kwenye mizani, nikangoja amalize. Nikampa 6,000 kwanza kabla ya maneno, nilimtumia kwa M-Pesa palepale ili ujumbe ubaki, afu nikatoa karatasi. Alivaa miwani akaisoma yote kimya, akaweka kidole kwenye Juni akauliza "3,000 tu?" nikamwambia ami nikiandika 6,000 nitakudanganya, nikamuonyesha zile jumla nne. Akanyamaza kidogo akasema "miezi miwili hukuja hata kunisalimu, hilo ndilo liliniudhi". Niliomba radhi, sikua na la kusema.

Amekubali mpaka Septemba tukaweka sahihi wote wawili. Kuanzia Oktoba hakutaka, anasema kaskazi ikiwa nzuri anataka zaidi ya 8,000, tukae tena tarehe 1 Oktoba. Kuhusu kutochukua kwa deni alicheka, akasema hilo hata ungetaka nisingekupa.

Karani_Malindi:
Umefanya vizuri sana. Lakini Oktoba iliyobaki wazi inanitia wasiwasi. Mpaka Septemba utakua umelipa 24,000, imebaki 54,000, na karatasi haisemi itakuaje mkikosa kuelewana siku hiyo. Kesho pita umsalimie, muombe aongeze mstari mmoja kwa mkono wake kwamba mpaka mkae tena utaendelea na 6,000 kila tarehe 12 na hatoidai 54,000 kwa mpigo. Akikataa tuambie.

Mama_Ngomeni:
Mimi ningekataa, kaskazi 6,000 ni ndogo. Muombe 8,000 ileile ya kwenye karatasi yako, hiyo hana sababu ya kuikataa.

Mashua_Amu:
Nimesikia. Kesho asubuhi nina wageni wanne wa Manda Toto, nikishawarudisha napita kwake na ile karatasi.