Arifa za "eneo lenye shughuli": volyumu yote imerundikwa kwenye bei ya kufunga!

Mvuvi_wa_Tudor: Jamani, nimekasirika. Nimelipia hii skripti ya arifa miezi mitatu. Jana niko kwenye feri ya Likoni, simu ikalia: bei ya hisa imerudi 48.95, eneo lenye shughuli nyingi. Nikanunua nikijua hapo itasimama. Haikusimama hata dakika, ikashuka moja kwa moja hadi 48.40.

Usiku nikafungua msimbo wake. Kumbe kazi yote ni mstari huu:

```
profile[bin(close)] += volume
```

Tazameni mshumaa wa kwanza wa juzi, dakika 5 za kwanza baada ya New York kufunguliwa, saa kumi na nusu jioni kwetu. Chini 48.20, juu 49.00, umefunga 48.98, hisa 400,000. Skripti ikazitia zote 400,000 kwenye kapu la 48.90 hadi 49.00! Nikaufungua mshumaa huo kwa dakika moja moja. Hisa 230,000 ziliuzwa dakika mbili za mwanzo, na bei ilikuwa bado haijafika 48.50. Watu walinunua kule chini, mimi nikapigiwa kengele juu, mahali bei ilipita tu. Nimemwandikia muuzaji mara mbili, kimya. Nataka pesa yangu.

Bi_Chati: Pole kakangu. Ndiyo maana mimi natumia VWAP peke yake, ule wastani wa bei unaopimwa kwa volyumu, naitia nanga pale soko linapofunguka. Haina makapu, haikosei.

Nahodha_wa_Kilindini: Dada, hapo umepatia nusu. VWAP nayo inakisia. Kwa mshumaa huo inachukua juu, chini na kufunga, inagawa kwa tatu: 48.73. Mwenye uzi, kwa dakika moja moja ulipata ngapi?

Mvuvi_wa_Tudor: 48.56.

Nahodha_wa_Kilindini: Basi senti 17 zimepotea. Mishumaa ikiongezeka kosa hilo huzidi kupungua, lakini dakika za ufunguzi lipo. Kwenye profaili halifutiki hivyo, kilele kinabaki pale pale. Afadhali uisambaze volyumu kutoka chini hadi juu ya mshumaa: makapu 8 ya senti 10, kila moja 50,000. Kilele cha uongo kingevunjika. Na kabla ya kuamini eneo lolote, badilisha dakika 5 ziwe 1. POC, yaani bei yenye volyumu kubwa kuliko zote, ikiruka, usiweke arifa hapo.

Pipsi_Nyali: Kwangu pia inalia ovyo, kwenye sarafu, EURUSD. Nipunguze makapu?

Nahodha_wa_Kilindini: Yako ni shida nyingine, ndugu. Volyumu unayoiona hapo ni hesabu ya mara bei ilivyobadilika kwa broka wako. Pesa iliyopita haionyeshi.

Mvuvi_wa_Tudor: Lakini Nahodha, kusambaza sawasawa nako si kukisia? 230,000 zilikuwa chini, wewe makapu matatu ya chini ya 48.50 unayapa 150,000 tu, na matano yaliyobaki 250,000.

Nahodha_wa_Kilindini: Ni kukisia, sikatai. Mshumaa hausemi ndani yake kulitokea nini. Ukitaka ukweli nunua data ya kila muamala, na hiyo si bei ya mtu anayefanya biashara kwa simu.

Mvuvi_wa_Tudor: Basi wangeniambia hivyo kabla sijalipa. Narudi kumwandikia mara ya tatu, na huo mstari nauambatanisha.