Kontra ya Hiace kwa mkopo: hesabu hazikutani, nisaini?

Mama_Katuba: Jambo kwenu wote. Nataka kuchukua Hiace ya kubeba watu hapa Lubumbashi, niilipe polepole. Kontra inasema bei dola 9,600, akonti 2,400, faida asilimia 15 kwa mwaka isiyobadilika, miezi 24, kila mwezi 420. Chini wameandika jumla ya bei 11,760. Tunasaini Ijumaa. Ni sawa?

Kijana_Kenya: Toa akonti, deni ni 7,200. Asilimia 15 yake 1,080. Jumlisha, gawanya kwa 24: 345. Wanakuzidishia 75 kila mwezi!

Mhasibu_Kamalondo: Mdogo wangu, kutoa akonti kwanza ni sawa, lakini hiyo 15 ni ya mwaka mmoja, na mama atalipa miaka miwili. Kwa hiyo ni asilimia 30 ya 7,200, yaani 2,160. Deni na faida ni 9,360. Kwa miezi 24 inatoka 390 kamili. Rudisha akonti juu yake: 11,760. Mama, jumla iliyoandikwa ni sahihi, kosa liko kwenye 420. Mara 24 ni 10,080, na akonti 12,480. Zimezidi 720, ambazo ndizo asilimia 30 ya akonti yako. Inaonekana walitoza faida juu ya 9,600 nzima, hata juu ya pesa unayotoa siku ya kwanza.

Teksi_BelAir: Mimi pikipiki waliihesabu kwa dola, nikalipa kwa franka. Mama, angalia wameandika kiwango cha siku gani. Hapo ndipo niliumia.

Mama_Katuba: Asante Papa, kontra yangu ni dola tupu. Nimempigia muuzaji, anasema 720 ni asiranse na dosie.

Mhasibu_Kamalondo: Basi ziwe na mstari wao, na jumla isomeke 12,480. Aonyeshe pia karatasi ya asiranse, maana kulingana hivyo na asilimia 30 ya akonti kunatia shaka. Usisaini kontra yenye jumla mbili: mkigombana, yeye atashika 420, wewe 11,760, na karte roze iko mikononi mwake mpaka malipo ya mwisho. Wakisahihisha, muweke saini wote wawili kando ya sahihisho, kwenye nakala zote.

Kijana_Kenya: Lakini deni linashuka kila mwezi. Mbona faida haishuki?

Mhasibu_Kamalondo: Kwa faida ya namna hii haishuki. Mwezi wa 24 unalipa 90 ya faida sawa na mwezi wa kwanza, ingawa deni karibu limekwisha. Ndiyo maana 15 hii ni nzito kuliko 25 inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Mama, kontra inasema nini ukimaliza mapema, kwa mfano mwezi wa 12? Faida ya miezi iliyobaki inafutwa?

Mama_Katuba: Nimesoma kurasa zote, haisemi kitu. Namuuliza kesho, pamoja na ile asiranse.