Ushauri jamani: mfanyakazi mpya duka la pembejeo Mwanjelwa, siku 30 za kwanza nizipangeje?

DadaPembejeo
Habari za jioni wadau. Nina duka la pembejeo hapa Mwanjelwa, tupo wanne tu, mimi, kaka wa kaunta, dada wa hesabu na kijana wa stoo. Katikati ya Oktoba anaanza mtu mpya wa kaunta, binti kamaliza stashahada ya kilimo pale MATI Uyole, kichwani yupo vizuri ila hajawahi kuuza hata sabuni. Nataka mvua zikianza Novemba, foleni ikifika barabarani, yeye awe anasimama kaunta mwenyewe bila kushikwa mkono. Nimejipangia hivi: wiki ya kwanza asome lebo zote za dawa na mbegu, wiki ya pili akae pembeni ya kaka wa kaunta aangalie, wiki ya tatu stoo, wiki ya nne hesabu na mashine ya EFD, siku ya 30 nampa mtihani. Nikiusoma huu mpango naona kuna kitu hakijakaa sawa ila sikijui. Na hatuna mtu wa kukaa naye kutwa nzima. Mliowahi kupokea mtu kwenye timu ndogo mlifanyaje?

kijana_wa_mafinga
Dada nafasi bado ipo? Nina mdogo wangu yuko huku Mafinga amesoma biashara, ni mwaminifu sana na hana tatizo la kuhamia Mbeya.

DadaPembejeo
Imeshajaa mdogo wangu, nauliza jinsi ya kumfundisha huyu niliyempata. Mwambie asikate tamaa.

Mzee Makambako
Siku 30 ni chache kumjua mtu. Weka majaribio ya miezi mitatu, umuone akichoka, umuone na hela, umuone na wateja wakorofi. Mkataba usimpe kwanza, hayo makaratasi mpaka amalize majaribio, mkishindwana mnaachana kwa amani.

Kihesa HR
Kamwene wote. Mzee wangu shikamoo. Kwenye majaribio upo sahihi kabisa, siku 30 ni za kumfundisha na hazitoshi kuamua kama abaki. Ila la makaratasi hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mtu anapoanza kazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, kituo, saa za kazi, mshahara. Majaribio yanaandikwa humohumo. Dada andaa kabla hajafika, asaini siku ya kwanza asubuhi, na umchukulie taarifa za NSSF sikuhiyohiyo, maana msimu ukianza hutakumbuka.

Mama wa Njombe
Dada nimesoma mpango wako mara mbili. Mimi nimeendesha duka kama lako huku Njombe na watu wengi wamepita mikononi mwangu, ngoja nikwambie ninachokiona.

Umepanga kwa masomo. Wiki ya lebo, wiki ya stoo, wiki ya hesabu, kama shule. Sasa huyu binti katoka shule! Kilimo anakijua, pengine kuliko nyie wote wanne. Asichokijua ni duka lako na wateja wako. Ukimkalisha na lebo wiki nzima unamfundisha anachokijua, na kile asichokijua unakisogeza mpaka Novemba.

Panga kwa kazi. Chukua karatasi, andika kazi ambazo ukifika msimu lazima azifanye peke yake. Hazizidi tano au sita: kumsikiliza mteja na kumchagulia mbegu, kuuza mbolea na kutoa risiti ya EFD, kupokea malipo ya simu, kutoa mzigo stoo na kuuandika, kufunga hesabu jioni. Halafu kila kazi ipite hatua tatu. Kwanza anaangalia mtu akifanya. Pili anafanya yeye na mtu yupo pembeni kafunga mdomo. Tatu anafanya peke yake, mtu anakuja kukagua baadaye. Kazi nyepesi inamaliza hatua zote ndani ya siku mbili, kufunga hesabu inaweza kula wiki mbili. Ndio maana huwezi kuiacha wiki ya nne, anza nayo jioni ya siku ya kwanza, aangalie tu.

Kitu kimoja tu hakisubiri, usalama wa dawa. Siku ya kwanza kabla hajagusa shelfu: glavu ziko wapi, ananawa wapi, chakula hakiliwi stoo, chupa ikivuja anamwita nani, na asimpimie mteja dawa kwenye chupa ya soda hata akilia hela haitoshi.

DadaPembejeo
Mama asante sana, hapo kwenye shule umenishika kabisa. Sasa hiyo ya kumchagulia mteja mbegu anaifanyaje kwa hatua? Maana ndio inayonitisha, akikosea mtu anapoteza msimu mzima.

Mama wa Njombe
Mwanangu hapo ndipo penye duka. Mfano, mzee anaingia anasema nipe mbegu ya mahindi ya ekari mbili. Binti wa chuo atakimbilia shelfu achukue mifuko. Kaka yako wa kaunta yeye anauliza kwanza, shamba lipo wapi? Akisema Igurusi au Chimala, kule Usangu chini kuna joto na mvua inakatika mapema, anampa ya muda mfupi. Akisema Isyonje au Umalila, huko juu kwenye baridi, anampa ya nyanda za juu kama UH 6303 inayovumilia kukaa shambani muda mrefu. Akiwabadilishia, yule wa Usangu mvua itamkatikia mahindi yakiwa hayajakomaa.

Siku tatu za kwanza binti aangalie, awe na daftari, kila mteja aandike ameulizwa nini kabla ya kupewa mzigo. Asiandike jina la mbegu, aandike SWALI. Jioni kaeni dakika kumi na tano na kaka wa kaunta, awasomee. Utashangaa, kaka ana maswali anayouliza bila kujua kama anauliza, na hayo hayapo kwenye lebo yoyote. Kuanzia siku ya nne yeye ndiye anauliza, kaka anakaa kimya, akitaka kutoa mfuko usio sahihi ndio kaka anaingia. Asimkosoe mbele ya mteja, aseme tu "hebu tumuulize mzee shamba lipo upande gani".

Na usiseme huna mtu wa kukaa naye. Teua mmoja awe mwenyeji wake, mwambie binti waziwazi kwamba kila swali lianzie kwa huyo, na huyo mwenyeji mpunguzie kazi nyingine asubuhi. Mkimfundisha wote wanne kila mtu atamwambia lake.

Soweto_kwetu
Mimi naongea kama niliyepokelewa vibaya. Mwaka jana niliajiriwa ofisi moja siitaji, siku ya kwanza nikapewa faili nene nikaambiwa soma, bosi akasafiri. Wiki mbili nipo nasoma, kila mtu anapita bize, nauliza najibiwa "utazoea". Mwezi unaisha naulizwa mbona huchangamki. Dada mpe huyo binti kazi ya kweli mapema, hata iwe ndogo, jina lake lionekane. Kupanga upya shelfu ya mbegu kwa muda wa kukomaa kwa mfano, hiyo anaiweza wiki ya kwanza.

Mama wa Njombe
Hiyo ya shelfu nzuri sana kijana, apangie kwa mwinuko, za Usangu upande mmoja na za milimani upande mwingine.

Dada wa Hesabu
Naomba niongezee upande wa hela maana ndio kazi yangu. Malipo ya simu mfundisheni siku ya pili, na sheria iwe moja: mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwenye simu ya DUKA. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja haihesabiki, hata kama mteja ni mchungaji. Mkiwa na lipa namba binti hahitaji kujua namba ya siri hata kidogo, anaangalia meseji tu.

Kufunga hesabu mimi huwa namfundishia mtu kwenye pungufu, siku hesabu imekaa sawa hajifunzi chochote. Mfano daftari linasema mmeuza 640,000. Droo ina 460,000 lakini 50,000 ni chenji ya asubuhi, kwahiyo taslimu ya mauzo ni 410,000. Lipa namba 150,000. Mikopo 65,000. Jumla 625,000, pungufu 15,000. Mtu mpya hapo anaogopa, wengine wanatoa mfukoni kwao wafidie, na hiyo ndiyo hatari kubwa maana kosa linafichika. Mwambieni mapema kabisa asifidie. Mpeni daftari na stakabadhi aitafute mwenyewe. Atakuta mchana gari la mbolea lilishusha, wapakuzi wakalipwa 15,000 kutoka droo na hakuna aliyeandika. Akiipata mwenyewe mara moja, yeye ndiye atakuwa anawakumbusha kuandika.

Kihesa HR
Safi sana. Mimi naongeza vikao tu, siku ya 7, 14 na 30, mkae wawili wewe na yeye. Usimuulize "unaendeleaje", atasema vizuri mama. Muulize ni kazi gani bado anaiogopa, na ni nani anamuuliza zaidi. Kama wiki ya pili haulizi swali lolote usifurahi, mara nyingi anabahatisha. Na chungulia kitu kimoja, kama kaka wa kaunta anarekebisha risiti zake kimyakimya kwa huruma. Hapo siku ya 30 utaona kila kitu kizuri, kaka akienda msibani wiki moja ndio utajua.

Mzee Makambako
Ya makaratasi nimekuelewa mwanangu. Lakini funguo za stoo na droo, siku 30 mimi simpi mtu, simpi kabisa. Nyie mnasema afunge hesabu peke yake wiki ya tatu?

Dada wa Hesabu
Mzee kufunga hesabu sio kukaa na hela. Anahesabu, anaandika, mimi nahesabu tena, kisha nafunga mimi.

Mama wa Njombe
Mimi natofautiana kidogo na wote wawili. Funguo ya stoo nampa akishahesabu stoki nzima na mwenzake wakasaini, hata ikiwa wiki ya tatu. Stoo ambayo haijahesabiwa ukimkabidhi, upotevu wa zamani wote unakuwa wake.

Mzee Makambako
Hapo mama tutabishana mpaka kesho. Miezi mitatu.

DadaPembejeo
Nimekaa na kaka wa kaunta leo jioni tumepanga upya, amekubali kuwa mwenyeji, asubuhi mpaka saa tano kijana wa stoo ataandika mzigo peke yake ili kaka awe huru. Kaunta siku ya kwanza, hesabu jioni ya siku hiyohiyo akiangalia, stoki tunahesabu wote Jumapili ya pili duka limefungwa. Mtihani nimeutoa, siku ya 30 atashika kaunta kutwa na kaka atakuwa nyuma stoo. La funguo bado sijaamua. Mama, hiyo karatasi ya kusaini stoki huwa unaandika kwa mifuko au na thamani yake?

Mama wa Njombe
Mifuko na chupa tu, na tarehe za dawa kuisha muda. Thamani ziache kwa dada wa hesabu, bei inabadilika mtagombana bure.