Rafiki yako wa shule sasa ni afisa ununuzi: unamwandikiaje bila kuutumia urafiki?

Muuza Buti
Wakuu, nauza vifaa vya usalama kazini: buti, helmeti, rifleka, glovu. Jamaa niliyelala naye bweni moja kidato cha tano na sita sasa ni afisa ununuzi kwenye kampuni ya ujenzi hapa Dar. Hatujawasiliana miaka kadhaa. Nataka kumwandikia lakini sitaki aone namtafuta kwa sababu ya cheo. Mngeandikaje?

Kijana wa Gerezani
Mwandikie tu. Biashara ya nchi hii ni kujuana, anayekwambia tofauti hana hata duka. Anza na salamu, mkumbushe maisha ya bweni, siku ya tatu unatupia bei. Usimrukie siku ya kwanza.

Mzee wa Stoo
Hapo kwenye siku ya tatu ndipo anapoharibu. Nimekaa ununuzi muda mrefu, na ujumbe unaotuchosha kuliko wote ni ule wa "kaka umepotea sana", halafu kesho "familia haijambo?", halafu keshokutwa faili la bei linaingia. Kuanzia hapo hata salamu ya kwanza naiona ilikuwa chambo. Bora aliyesema shida yake mstari wa pili.

Muuza Buti, mwombe kitu anachoweza kukupa bila kujificha. Oda hawezi kukupa peke yake. Bei za wenzako na bajeti ya kampuni hatakiwi kukupa kabisa. Anachoweza ni kukuelekeza namna kampuni inavyosajili wauzaji wapya, na maombi anapokea nani. Hilo hata mlinzi wa getini akiulizwa analijibu, kwa hiyo halimfungi. Ningeandika hivi:

"Habari za siku, kaka. Nimesikia uko ununuzi pale, hongera. Siku hizi nauza vifaa vya usalama kazini. Naomba kujua jambo moja: mnasajilije wauzaji wapya, na barua inakwenda kwa nani? Bei na nakala za leseni nitapeleka ofisini, sitakutumia hapa. Kama kwa nafasi yako si vizuri kujibu, acha tu, hatutakosana."

Basi. Usiweke picha za buti, usiseme "nisaidie mdogo wako".

Kijana wa Gerezani
"Acha tu, hatutakosana"? Hapo umempa mlango wa kutokea kabla hajaingia! Mnafundisha watu uoga halafu wageni wanachukua tenda zote. Na tusidanganyane, maafisa ununuzi wengi hawajibu kwa sababu hujataja cha juu. Taja cha juu uone kama hajapiga mwenyewe saa hiyo hiyo.

Binti Ugavi
Kaka, mimi ni afisa ununuzi, nina usajili wa bodi, na sijawahi kula cha juu cha mtu. Watu kama wewe ndio mnaotufanya tusipokee simu za ndugu zetu. Mtu akiandika "tuongee vizuri" nikikataa naitwa mwenye roho mbaya, nikikubali naitwa mla rushwa. Ulitaka tuishi wapi?

Kijana wa Gerezani
Sijakutaja wewe, dada. Ila jiwe gizani...

Binti Ugavi
Jiwe gizani nini? Leta jina la ofisi na ukaripoti TAKUKURU, usirushe mawe hapa.

Mtoto wa Tabata
Tusifike huko. Halafu kampuni binafsi sheria ya rushwa haiwahusu, ile ni ya serikali. Huko ni makubaliano ya watu wawili, boss akikujua anakufukuza tu, yameisha.

Mzee wa Stoo
Si kweli. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inamgusa yeyote anayefanya kazi kwa niaba ya mwajiri wake, awe wa serikali au wa kampuni. Akipokea kitu ili apindishe kazi ya mwajiri ni kosa, na aliyetoa ana kosa vilevile. Muuza Buti akitoa cha juu, hatabaki kuwa shahidi, atakuwa mshtakiwa wa pili.

Mtoto wa Tabata
Sawa mzee, hilo la kampuni sikuwa nalo. Nilijua tu kile cha 17 sijui, cha manunuzi.

Neema wa Mbeya
Habari zenu. Mimi nina diploma ya ununuzi na ugavi, natafuta kazi. Niliosoma nao watatu wameshaajiriwa. Na mimi naweza kuwaandikia kwa mfano huo wa Mzee wa Stoo, nikabadilisha tu pale kwenye buti?

Binti Ugavi
Mdogo wangu, hapa tunaongelea kuuza, lakini unaweza. Uliza nafasi zinatangazwa wapi na ofisi yao inapokeaje watu wa kujitolea. Usitume wasifu kabla hawajajibu.

Mgavi Dodoma
Kwa taasisi za serikali mjadala huu wala haupo. Kila kitu kiko NeST. Unajisajili mwenyewe nest.go.tz, unaomba mstari wa biashara unaolingana na leseni yako, mwaliko wa kotesheni ukitoka unauona humo. Rafiki yako hata akupende vipi hawezi kukuchomeka. Nimeona watu wanampigia afisa kila siku kumbe mstari wa vifaa vya usalama hawajawahi kuuomba, mialiko inawapita. Anayepigiwa naye, akiwekwa kwenye kamati ya tathmini, anasaini kwamba hana maslahi na mzabuni yeyote. Ukiwa umemjazia simu ujumbe wa "kaka usinisahau", unamweka pabaya.

Kijana wa Gerezani
NeST nayo watu wanajua namna ya kuizunguka, msituambie habari za vitabuni.

Mama Vitenge
Naomba niseme lililonikuta. Nilifanya kazi na dada mmoja kaunta moja, baadaye akaenda ununuzi kampuni nyingine. Mimi sikumtafuta, yeye ndiye alinitafuta. Saa kumi jioni ananiambia "shoga, nitumie kotesheni ya sare pisi 80 kabla ya saa kumi na moja, andika 38,000". Nikauliza kitambaa gani, saizi zipi, hajibu. Nikafurahi nikatuma. Mwezi uliofuata tena vilevile, bei ananipangia yeye. Oda sijawahi kuiona. Hebu niambieni, huo ni urafiki?

Mzee wa Stoo
Mama, zilikuwa kotesheni za kusindikiza. Kampuni nyingi zinataka kotesheni tatu kabla ya kununua. Mnunuzi ana mtu wake tayari, anatafuta mbili za juu zaidi zijaze jalada. Dalili zake ndizo ulizotaja: muda wa kujibu haupo, maswali ya saizi na kitambaa hayajibiwi, bei unapangiwa. Anayetaka kununua kweli atataka sampuli aishike.

Kuna mbaya kuliko hiyo. Rafiki anakwambia "lete yako, na uniletee mbili za kampuni nyingine". Ukikubali umeshaghushi. Wakaguzi huzikamata kirahisi: kotesheni tatu zina kosa moja la herufi mahali pamoja, mpangilio wa jedwali uleule, wakati mwingine hata namba ya simu ni moja. Jina litakaloonekana humo ni lako.

Mama Vitenge
Basi ndiyo maana alikasirika nilipouliza saizi. Sitatuma tena.

Muuza Buti
Wakuu, nimemwandikia kama alivyosema Mzee. Kajibu baada ya siku mbili: kanipa barua pepe ya ofisi, akasema niambatanishe leseni, TIN na cheti cha mlipa kodi, na kwenye barua nitaje kwamba tulisoma pamoja ili asije kuulizwa. Jioni yake kanitumia kadi ya mchango wa harusi yake, mwezi ujao. Sasa?

Kijana wa Gerezani
😂 Nilisema mimi! Hiyo kadi ndiyo cha juu chenyewe, imevaa suti.

Binti Ugavi
Una shida wewe. Mtu asioe kwa sababu yuko ununuzi? Kadi anatumiwa kila aliyesoma naye.

Kijana wa Gerezani
Miaka yote hakumjua, kajua namba yake baada ya kusikia ana bidhaa. Changa laki tano, upate oda ya buti. Wote tunajua.

Binti Ugavi
Namba kaipata kwa sababu mwenzie ndiye aliyemwandikia! Soma mada kwanza.

Mtoto wa Tabata
Mimi ningechanga vizuri tu. Mchango ni mila zetu, hata TAKUKURU wanachangiana.

Mgavi Dodoma
Mila ni kuchanga, kiwango je? Jiulize angekuwa mwalimu wa shule ya msingi ungempa ngapi. Kama ni elfu hamsini, mpe elfu hamsini. Hiyo 450,000 ya juu haiendi kwa bwana harusi, inakwenda kwa afisa ununuzi.

Mama Vitenge
Asipochanga kabisa je? Atasema kijana ana kiburi, na oda imekufa hapo.

Mzee wa Stoo
Achange, lakini kupitia kamati, kiwango kilekile wanachotoa mliosoma pamoja, jina liandikwe kwenye daftari la kamati kama wengine. Asimtumie bwana harusi kwenye simu yake. Na kama kotesheni yake itakuwa mezani wakati huo, jamaa amwambie mkuu wake, mwingine afanye tathmini. Hilo la kutaja kwamba walisoma pamoja limenipa imani, anayetaka kula hataki liandikwe.

Na mkishapata kazi, Muuza Buti, urafiki unajaribiwa kwenye malipo. Tuseme umepata LPO ya buti jozi 120 kwa 65,000, hiyo ni 7,800,000, malipo siku 30. Siku ya 31 usimpigie yeye. Afisa ununuzi halipi, anayelipa ni mhasibu. Mpigie mhasibu ukiwa na namba ya LPO, ankara, risiti ya EFD na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo. Ankara nyingi zinalala kwa sababu hati ile haina saini. Mzigo ulishushwa usiku, kaupokea mlinzi, na stoo hawana habari nao. Mtu anamlaumu rafiki yake miezi mitatu kumbe karatasi haijatimia.

Kijana wa Gerezani
Hapo kwenye saini ya stoo nakubali, nimelia nayo. Lakini la kamati hapana. Elfu hamsini kwa mtu anayekupa oda ya milioni saba ni dharau.

Binti Ugavi
Anayekupa oda ni kampuni. Ukishaona ni yeye anakupa, umeshapotea.

Kijana wa Gerezani
Kampuni haisaini yenyewe, dada.

Muuza Buti
Barua nimeshaituma, na nimeandika kwamba tulisoma pamoja. Ila kwenye kadi hakuna namba ya kamati, kuna namba yake tu. Nimuulize mweka hazina ni nani, au itaonekana namchunguza?

Mama Vitenge
Waulize wale mliosoma wote, kuna mmoja lazima yuko kwenye kamati.