Wakala aliandika "Jumamosi usiku", mama akaachwa na ndege aliyoikatia tiketi halali

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mama yangu kalala Temeke kwa ndugu zetu na ndoo yake ya korosho, wakati alitakiwa awe Maskati anambeba mjukuu.

Tiketi tulikata hapa Mtwara mjini kwa wakala. Alinitumia ujumbe: "Safari Jumamosi usiku tarehe 14, saa 6:35, ufike mapema." Nikamkatia mama basi la Jumamosi saa 12 asubuhi. Alasiri akawa Dar, saa 2 usiku yuko uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu. Dada wa mlangoni akaiangalia karatasi, akamwambia, "Mama, hii ndege imeondoka jana usiku."

Tiketi yenyewe inasomeka hivi:

```
DAR MCT  SAT 14JUN  0035
```

Saa 0035 ya tarehe 14 ni dakika thelathini na tano tu tangu Ijumaa iishe. Ndege inapaa, mama alikuwa bado Chuno anafunga mizigo. Hata basi lilikuwa halijaondoka!

Kinachoniuma zaidi, mama aliniuliza Alhamisi: "Usiku wa Jumamosi si ndiyo kesho tukilala?" Kwa hesabu ya wazee usiku hutangulia mchana wake, na alikuwa sahihi. Mimi nikambishia, nikamwonyesha ujumbe wa wakala. Angeandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", maneno ambayo kila mtu Mtwara anayaelewa, mama angesafiri.

Mkorosho: Pole sana mkuu. Kwani walibadilisha ratiba bila kuwaarifu? Dai fidia, usikubali.

Mleta uzi: Hapana, haikubadilishwa. Iliondoka kwa wakati wake, na hilo ndilo tatizo.

Shangani Boy: Shida ni hizi AM na PM. Simu inaandika 12:35 AM, mtu anadhani mchana. Waandike saa 24 kama jeshini, yataisha.

Kaunta Mstaafu: Shangani, hiyo huwapata wengine, ila hapa tiketi ilishaandikwa kwa saa 24 na mama bado kaachwa. Kinachopotosha ni tarehe. Nimekaa kaunta miaka mingi, na ndege za saa sita hadi saa tisa usiku ndizo zilizokuwa zinaliza watu.

Chukua hiyo ya mama. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufunguliwa saa tatu kabla, yaani Ijumaa saa 3:35 usiku. Zinafungwa kama saa moja kabla, yaani Ijumaa saa 5:35 usiku. Kutoka nyumbani, kupima mizigo, kugongewa pasipoti, vyote ni tarehe 13. Kinachofanyika tarehe 14 ni kuruka tu, lakini tarehe ya kuruka ndiyo pekee inayoandikwa. Kwa mtu wa Mtwara, basi la mwisho la kumfaa lilikuwa la Ijumaa alfajiri, na mimi ningemleta Alhamisi, maana barabara ile ikiharibika hakuna anayekusubiri.

Mleta uzi, tiketi ya kurudi umeiangalia? Abiria asipotokea safari ya kwanza, mfumo humwandika NO SHOW na mara nyingi hufuta zote zilizobaki. Usije ukanunua ya kwenda tu ukadhani kurudi kupo.

Mleta uzi: Nimepiga sasa hivi. Ya kurudi ya Julai imefutwa. Nimeishiwa nguvu.

Kaunta Mstaafu: Usinunue mpya kwanza. Uliza wakubadilishie hiyohiyo ni kiasi gani: faini ya kutotokea, ada ya kubadili na tofauti ya nauli. Linganisha na bei ya mpya. Mngepiga simu kabla haijaruka, ile faini ya kwanza huenda msingelipa.

Binti wa Lindi: Mimi yalinikuta upande wa kushuka. Nilitua Dar saa 7:20 usiku tarehe 5, chumba nilikiagiza kuanzia tarehe 5. Mapokezi wakasema chumba changu ni saa 8 mchana. Nilikaa kwenye kiti na mtoto mgongoni mpaka kunakucha. Kumbe nilitakiwa kulipia usiku wa tarehe 4.

Mkorosho: Wakala alipe basi, si kaandika mwenyewe?

Kaunta Mstaafu: Hapo sina uhakika. Atasema tarehe na saa alizotuma ni sahihi, na kweli ni sahihi. Lakini "Jumamosi usiku" ni maneno yake, hayamo kwenye tiketi. Usiufute huo ujumbe.

Mleta uzi: Siufuti. Jumatatu akifungua duka atanikuta mlangoni. Mama kanipigia sasa hivi, anauliza korosho azirudishe Mtwara au aziache Temeke. Nimemwambia asizifungue.