Vichwa vya kurasa za vifurushi vya safari: tuweke siku, mbuga, kundi na msimu vyote?

Binti_wa_Usa
Wadau wa utalii, habari za leo. Natunza tovuti ya kampuni ndogo ya safari hapa Arusha, wateja wetu wengi ni Watanzania na wakazi wa Afrika Mashariki. Kurasa nne za vifurushi zina kichwa kimoja: "Safari ya Serengeti na Ngorongoro kwa Bei Nafuu". Mtu anatafuta siku 3, anaangukia ukurasa wa siku 6, anapiga simu kulalamikia bei. Nimebaki na njia tatu:

A: kila kitu kichwani, yaani siku, mbuga, idadi ya watu na miezi.
B: siku na mbuga tu, mengine ndani ya ukurasa.
C: siku na mbuga kwanza, kisha jambo moja tu linalotofautisha kifurushi hicho.

Mngechagua ipi?

Kaka_Mtandao
A, dada. Google inasoma maneno yote. Ila usivuke herufi 60, ukivuka unaadhibiwa.

MzeeWaVifurushi
Kaka, nusu umepatia. Adhabu haipo. Kichwa kirefu kinakatwa tu kwenye matokeo kwa sababu nafasi ya kuonyesha ina upana wake, na kwa kawaida ni kama herufi 50 hadi 60. Kinachoumiza ni kwamba msomaji haoni kilichokatwa. Ukianza na "Safari Nafuu za Kifamilia Tanzania", siku na mbuga zinamezwa mkiani.

Mimi nachagua C. Siku na mahali huwa ndiyo maneno ya kwanza mteja anayoandika, kwa hiyo hayo yakae mbele daima. Msimu unaingia pale tu unapobadilisha njia yenyewe. Chukua nyumbu: Januari hadi Machi wako nyanda za kusini, Ndutu, wakizaa. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, wakivuka Mto Mara eneo la Kogatende. Hizo ni safari mbili tofauti ingawa zote watu wanaziita Serengeti. Ningeandika hivi:

```
Siku 4 Ndutu na Ngorongoro: Nyumbu Wakizaa, Jan–Machi
Siku 6 Kogatende: Nyumbu Wakivuka Mto Mara, Jul–Okt
Siku 2 Tarangire na Ngorongoro: Safari ya Kujiunga
```

Cha kwanza kina herufi 53 pamoja na nafasi, kinatosha. Cha tatu hakina miezi kwa sababu ratiba ile ile inauzwa mwaka mzima. Tembo wa Tarangire hujazana mtoni wakati wa kiangazi, lakini hilo lielezwe ndani ya ukurasa.

Dereva_Guide_Karatu
Naunga mkono, hasa hizo siku 6. Nimeona kurasa zinazouza Kogatende kwa siku 4 kwa barabara kutoka Arusha. Mgeni anamaliza muda njiani, halafu nyumbu wanasimama ukingoni saa nzima, wanageuka, na kesho yake lazima aondoke. Idadi ya siku kichwani iendane na umbali.

Mama_Watatu
Samahani jamani, nina watoto watatu, mdogo ana miaka 5. Tuje Aprili au Agosti? Na hiyo ya kujiunga watoto wanaruhusiwa?

Dereva_Guide_Karatu
Mama, Agosti. Aprili ni masika, njia nyingine zina tope. Chukueni gari lenu wenyewe; kwenye gari la kujiunga huwezi kuwaomba wageni wengine wasimame kila mtoto anapotaka kushuka.

Binti_wa_Usa
Asanteni. Kwa hiyo watu 2, watu 4 na watu 6, kila kundi lipate ukurasa wake?

MzeeWaVifurushi
Hapana. Gari ni lile lile na ratiba ile ile, kinachobadilika ni gharama ya gari kugawanywa. Ukurasa mmoja, jedwali moja la bei. Ukitengeneza tatu zitanyang'anyana nafasi. Tenganisha kujiunga na gari binafsi tu, kwa sababu wa kujiunga anafuata tarehe yenu, wa binafsi anachagua yake.

Kujua kama zinanyang'anyana, fungua Search Console ya Google, bonyeza neno moja la utafutaji, kisha tazama orodha ya kurasa. Ukikuta kurasa mbili zinapokezana kwa neno "safari siku 4 ndutu", bado hazijatofautiana. Na kichwa kikubwa ndani ya ukurasa kiseme jambo lile lile, maana Google huweza kukitumia badala ya kile ulichoandika.

Kaka_Mtandao
Sawa mzee, nimekuelewa. Lakini miezi ina shida yake. Vuli ikinyesha vizuri, nyumbu wanafika Ndutu Desemba. Kichwa kikisema Jan–Machi, mteja wa Krismasi anapita.

MzeeWaVifurushi
Wanafika, ila kuzaa hasa ni Februari. Ukiandika Desemba hapo, unamwahidi ndama.

Dereva_Guide_Karatu
Mimi ningeiweka Desemba na kutoa neno "Wakizaa". Wageni wengi wanataka kuona kundi kubwa tu, ndama ni nyongeza.

Binti_wa_Usa
Basi nitaanza na Jan–Machi, Desemba niiandike ndani. Kurasa mbili za kwanza nabadilisha usiku huu.