Naomba ushauri: mama amesahau PIN, na namba ya simu iliyoko benki ni ya zamani

Habari zenu ndugu. Mama alisajiliwa huduma ya benki kwa simu tawini, akaweka PIN yake mwenyewe, kisha akakaa muda mrefu bila kuitumia. Sasa ameisahau, na baada ya kukosea mara kadhaa huduma imefungwa.

Nimebonyeza sehemu ya "Umesahau PIN" kwenye programu ya benki. Inataka namba ya akaunti, namba ya kitambulisho, halafu inatuma msimbo wa uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Hapo ndipo penye shida: msimbo unaenda kwenye laini aliyoiacha zamani. Laini isiyotumika kampuni ya simu huweza kumpa mteja mwingine, kwa hiyo nimeacha kuomba msimbo kabisa. Sitaki umfikie mtu tusiyemjua.

Juzi akapiga mtu akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, akaomba PIN ya kadi ya ATM "ili afungue akaunti". Nilikata simu, maana benki haihitaji PIN ya mteja kwa kazi yoyote.

Naona njia salama ni mama aende mwenyewe tawini na kitambulisho, aombe ile namba ya zamani iondolewe kwanza, ndipo aweke PIN mpya. Lakini miguu inamsumbua sana. Aliyepitia hili, je, benki hukubali kumhudumia nyumbani? Na namba ikishabadilishwa, simu ya zamani iliyounganishwa hujiondoa yenyewe au lazima tuombe?